Mtoto wa miezi hamsini

Faili lilikuwa na safu mbili tu zilizonihusu: umri wa mtoto kwa miezi, na kilo zake siku alipopimwa. Lilitoka kwenye kliniki ya watoto, na swali nililopewa lilikuwa jepesi kuliko yote niliyowahi kulipwa kwa ajili yake: kati ya mwezi wa nne na wa kumi na mbili, mtoto wa eneo hili anaongezeka wastani wa kilo ngapi kwa mwezi? Nikaita regresheni ya kawaida, ile inayopitisha mstari ulionyooka katikati ya data kwa kupunguza jumla ya miraba ya masalio, nikasubiri namba inayokaribia theluthi ya kilo. Kompyuta ikanijibu kwamba watoto wanapungua.

Mama yeyote aliyewahi kushika kadi ya kliniki angeijua kuwa ni takataka. Kilichonishughulisha ni kitu kingine. Nilipobadilisha njia nikatumia ile inayoitwa regresheni imara, yaani njia iliyotengenezwa makusudi isiyumbishwe na takwimu chache zilizoharibika, watoto waliendelea kupungua. Tangu siku hiyo nina ugomvi mdogo na namna tunavyofundishwa somo hili, na makala haya ni ugomvi huo.

Faili halisi lilikuwa refu, na si langu kulianika. Nimetunga watoto tisa wenye sura ileile, ili msomaji mwenye kikokotoo aweze kufuata hesabu:

```
miezi   4    50   6    7    8    9    10   11   12
kilo    6.9  7.3  7.8  8.0  8.4  8.7  9.2  9.4  9.8
```

Mtoto wa pili ndiye mkosaji. Ana miezi 5.0, lakini aliyekuwa akiingiza data aliruka nukta na skrini ikapokea 50. Kilo zake, 7.3, ni sahihi kabisa. Kosa liko upande wa umri, na huo ndio upande ambao watu wengi hawauangalii.

Kama nukta ingewekwa, mteremko wa mstari ungekuwa 0.36, yaani karibu gramu 360 kwa mwezi. Nukta ikirukwa, mteremko unakuwa -0.017. Wastani wa umri unasogea kutoka 8 hadi 13, na watoto wanane waliobaki wote wanajikuta upande wa kushoto wa wastani wao wenyewe. Mstari unalala karibu sambamba na sakafu.

Sasa tazama masalio, yaani tofauti kati ya kilo za kweli na kilo ambazo mstari unatabiri. Mtoto wa miezi minne ana salio la -1.65. Wa miezi kumi na miwili ana 1.39. Yule wa miezi hamsini, mwenye kosa, ana -0.45 tu. Ukiwapanga wote tisa kwa ukubwa wa salio bila kujali alama, yeye ni wa tatu kutoka chini. Mtu anayetafuta kosa kwa kuangalia nani yuko mbali na mstari atamkamata mtoto wa miezi minne, ambaye hana hatia, na mkosaji atampita akimwamkia.

Hili halikutokea kwa bahati mbaya. Mvuto wa mtoto mmoja juu ya mteremko ni salio lake likizidishwa na umbali wa umri wake kutoka wastani, na njia ya miraba midogo inahakikisha kwamba mivuto hiyo yote ikijumlishwa inatoka sifuri. Mtoto wa miezi hamsini yuko miezi 37 kutoka wastani. Zidisha 37 kwa -0.447 upate -16.5. Watoto wanane wote kwa pamoja wanatoa 16.5 upande wa pili. Mmoja anawabeba wanane kwa salio dogo, kwa sababu ameshika ncha ya wenzo mrefu. Wanatakwimu huipima nguvu hii ya wenzo kwa namba iliyo kati ya sifuri na moja. Hapa wastani wake ni 0.22, na mtoto wetu ana 0.97. Tafsiri yake ya mtaani ni kwamba mstari hauna hiari: lazima upite karibu naye, wengine wapende wasipende.

Njia imara ambayo wengi hukutana nayo kwanza ni ya Peter Huber, aliyeiweka msingi mwaka 1964 na kuileta kwenye regresheni mwaka 1973. Wazo lake ni zuri na ni jepesi. Kila mtoto anapewa uzito (hapa sisemi kilo zake, nasema sauti yake katika kuamua mstari). Salio likiwa dogo, uzito ni 1. Likivuka mpaka fulani, uzito unapungua kadiri salio linavyokua, ili mvuto wa salio usizidi kiwango. Mpaka huo kwa kawaida ni mara 1.345 ya kipimo cha mtawanyiko, na mtawanyiko wenyewe hupimwa kwa namba ya katikati ya ukubwa wa masalio, bila kujali alama, ikigawanywa kwa 0.6745, kwa kuwa kipimo cha kawaida nacho kingevurugwa na hao hao tunaowakimbia.

Tufanye hesabu. Salio la katikati kati ya tisa ni 0.71, mtawanyiko unakuwa 1.05, na mpaka unatua kwenye 1.42. Nani amevuka? Mtoto mmoja tu, wa miezi minne. Anapunguziwa uzito hadi 0.86. Wa miezi hamsini anabaki na uzito wake kamili wa 1. Raundi ya kwanza ya njia imara imemwadhibu shahidi mkweli na kumwacha mwizi na kura yake nzima, na kwa kuwa mtoto wa miezi minne ndiye aliyekuwa akiivuta ncha ya kushoto ya mstari kwenda chini, mahali panapostahili, kupunguziwa kwake sauti kunazidisha ule mteremko wa uongo.

Katika programu ya R, umri ukiwa `x` na kilo zikiwa `y`, hiyo ni amri moja, na ndiyo niliyoitumia siku ile:

```r
library(MASS)
rlm(y ~ x)
```

Amri haina kosa. Huber aliweka kikomo kwenye salio, na kama kosa lingekuwa upande wa kilo, tuseme mtu ameandika 73 badala ya 7.3 kwa mtoto aliye katikati ya kundi, njia yake ingelikamata vizuri. Ila mvuto una vitu viwili vinavyozidishwa, salio na umbali, na yeye alifunga kimoja. Cha pili kimeachwa wazi. Umri ukienda mbali vya kutosha, mvuto hauna kikomo hata salio likifungwa. Ninapomsikia mtu akisema ametumia njia imara hivyo hana wasiwasi na data chafu, swali langu la kwanza huwa: uchafu uko safu ipi?

Aliyejaribu kuufunga mlango wa pili ni Colin Mallows, katika andiko la ndani la Maabara za Bell la mwaka 1975 ambalo halikuchapishwa ila kila mtu hulitaja. Pendekezo lake ni kuongeza uzito wa pili unaotazama umri peke yake, bila kujali kilo. Aliye mbali na kundi kwa umri anapunguziwa sauti kabla hata hajafungua mdomo. Uzito huu ukizidishwa na ule wa Huber, mvuto mzima wa mtoto yeyote unakuwa na kikomo, popote alipo. Ndiyo maana ya ushawishi wenye kikomo. Mwaka 1982 Krasker na Welsch walitoa toleo lao lenye hesabu ya kina zaidi, na linatofautiana na la Mallows katika jambo moja linaloniuma kidogo: la Mallows linamwadhibu kila aliye mbali, hata kama amekaa juu ya mstari sawasawa, ilhali lao linamkata tu pale umbali na salio vikiungana kumpa mvuto mkubwa. Mtoto halali aliye mbali na kundi ni hazina, kwa kuwa ndiye anayetufundisha mteremko kuliko wengine wote. Mallows anamtupa nusu. Hata hivyo nitaendelea na Mallows, kwa sababu unaweza kuifuata kwa kalamu.

Umbali lazima upimwe kwa vipimo visivyovurugika. Umri wa katikati wa watoto tisa ni 9. Tofauti za kila mmoja na 9, zikipangwa, zina namba ya katikati ya 2, ambayo huzidishwa kwa 1.4826 ili ilingane na mtawanyiko wa kawaida, tunapata 2.97. Mtoto wa miezi minne yuko umbali wa 1.7. Wa miezi hamsini yuko umbali wa 13.8. Tuweke mpaka kwenye 2, na aliyeuvuka apewe uzito wa 2 kugawanya kwa umbali wake. Wanane wanabaki na 1. Mkosaji anashuka hadi 0.14.

```r
d <- abs(x - median(x)) / mad(x)
v <- pmin(1, 2 / d)
b <- coef(lm(y ~ x, weights = v))
for (i in 1:100) {
  r <- y - b[1] - b[2] * x
  s <- median(abs(r)) / 0.6745
  u <- pmin(1, 1.345 * s / abs(r))
  b <- coef(lm(y ~ x, weights = v * u))
}
```

Kinachotokea ndani ya huo mzunguko ndicho ningependa kila mwanafunzi akione angalau mara moja, kwa hiyo nitakisimulia polepole. Kwa uzito wa umri peke yake mteremko unatoka -0.017 na kufika 0.035. Ukisimama hapo utadhani njia imeshindwa, maana 0.035 bado ni sehemu moja ya kumi ya ukweli. Hata akiwa na asilimia 14 ya sauti, wenzo wa miezi arobaini na kitu unatosha kuulaza mstari. Lakini mstari umeinuka kidogo, na hilo linatosha kuanza kumfichua. Salio lake, lililokuwa -0.45, sasa ni kama -2.65, kubwa kuliko la mtoto yeyote mwingine. Kwa mara ya kwanza uzito wa Huber unamwona, na unamkata nusu. Mstari unapanda hadi 0.08. Salio lake linakuwa kama -4.5, anakatwa tena. Mteremko unafika 0.14, kisha 0.20. Wakati huo huo wale wanane wanakaribia mstari, mtawanyiko unapungua, mpaka wa adhabu unashuka pamoja nao, naye anazidi kuonekana. Kila raundi inamvua nguo moja. Mwishoni mteremko unatulia karibu na 0.34, pungufu kidogo ya ule wa kweli, na uzito wake wote kwa pamoja umebaki kama elfu moja ya uzito wa mtoto wa kawaida.

Kwa hiyo kazi ya uzito wa umri haikuwa kumtoa mkosaji. Ilikuwa kulegeza mshiko wake kiasi cha kutosha ili salio lake lianze kusema kweli. Vitabu huweka fomula ya mwisho na kuacha safari hiyo nje, na msomaji anabaki akidhani ni zile uzito mbili zimekaa bega kwa bega, kumbe ya kwanza ndiyo inayoifumbua macho ya pili.

Utaniuliza kwa nini nisipime umbali kwa ile nguvu ya wenzo tunayoijua, ile namba ya 0.97, ambayo kila programu huitoa bure. Kwa mkosaji mmoja ingefanya kazi. Tatizo linaanza wakiwa wengi, na kwa hilo nina mfano usio wa kutunga.

Kuna kundi la nyota 47 upande wa Dajaja, lile kundinyota ambalo kwa Kilatini ni Cygnus, na kundi hilo huitwa CYG OB1. Peter Rousseeuw na Annick Leroy waliifanya orodha yake maarufu kwa wanatakwimu mwaka 1987, na leo imo ndani ya kifurushi cha `robustbase` kwa jina `starsCYG`. Kila nyota ina logi ya joto la uso wake na logi ya mwanga wake. Nyota za kawaida zinafuata kanuni moja: iliyo na joto zaidi inang'aa zaidi. Mteremko unapaswa kuwa chanya. Regresheni ya kawaida inatoa -0.41.

Wanaoupindua mstari ni wanne. Nyota 11, 20, 30 na 34 zina logi ya joto 3.48 au 3.49, yaani kama nyuzi 3,100 za Kelvini, ilhali nyota ya katikati ya kundi ina 4.42, kama nyuzi 26,000. Na bado hizo nne baridi zinang'aa kuliko karibu nyingine zote. Ni nyota jitu.

Nguvu ya wenzo ya kila moja ya hizo nne ni takriban 0.19. Inazidi wastani wa 0.04, ni kweli, lakini iko mbali sana na ile 0.97 ya mtoto wetu. Kwa nini, ilhali ziko mbali namna ile? Kwa sababu zote nne ziko mahali pamoja. Kwa pamoja zinauvuta wastani wa joto kuelekea kwao na kuupanua mtawanyiko, na umbali wa kila moja unapimwa kwa kipimo kilichopanuliwa na wenzake. Kwa wastani na mtawanyiko wa kawaida, nyota jitu iko umbali wa 2.8. Kwa namba ya katikati na kipimo chake, iko 5.7. Ukichukua uzito wa aina iliyozoeleka, kipeuo cha pili cha moja kutoa nguvu ya wenzo, kila jitu linapata 0.90. Hiyo si adhabu, ni salamu. Wezi wanne wakivaa sare, mlinzi anawahesabu kama wafanyakazi.

Kwa umbali wa 5.7 na mpaka wetu wa 2, kila jitu linapata 0.35. Nikifanya hatua ya kwanza, mteremko unatoka -0.41 hadi takriban 0.25. Alama imegeuka, na raundi zinazofuata zinaendelea kuupandisha. Lakini unachoka njiani. Ukitulia uko karibu na 1 tu, bado chini ya 2. Hapa tunakuta kikomo cha kikomo. Uzito wa Huber unapungua sambamba na salio, kwa hiyo uzito ukizidishwa na salio unabaki namba ileile hata jitu liende mbali kiasi gani. Mvuto umefungwa, haujafutwa. Mmoja akivuta kwa nguvu iliyofungwa, wanane wanamzidi. Wanne wakivuta upande mmoja, nguvu zao zilizofungwa zinajumlishwa, nao hawarudi nyuma kamwe.

Hali inakuwa mbaya zaidi ukiongeza safu. Maronna, Bustos na Yohai walionyesha mwaka 1979 kwamba uwezo wa njia hizi zote kuhimili uchafu unashuka kadiri idadi ya vigezo inavyopanda. Ukiwa na vigezo kumi, kundi la wachafu lisilozidi sana sehemu moja ya kumi ya data linaweza kuupeleka mstari popote linapotaka. Na faili za siku hizi zenye vigezo kumi tu ni chache. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya msingi ya kutozitegemea njia za ushawishi wenye kikomo kama kituo cha mwisho. Zinafaa sana pale wakosaji ni wachache na wametawanyika, kama nukta zilizorukwa hapa na pale. Wakijikusanya, hapana.

Kinachofanyika sasa kwa kawaida ni njia ya Victor Yohai ya mwaka 1987. Inaanza na mstari uliopatikana kwa njia ngumu inayohimili hata karibu nusu ya data kuwa mbovu, inapima mtawanyiko kutoka hapo, kisha inatumia uzito unaofika sifuri kabisa salio likizidi. Kwa `lmrob`, amri ya njia hiyo ndani ya `robustbase`, nyota nne jitu zinapata uzito wa 0, na mteremko unakuwa 2.25. Ningependa kusema kesi imefungwa, lakini Rousseeuw na njia yake ya 1984, ile inayopunguza namba ya katikati ya miraba ya masalio, anapata 3.9 kwa nyota zile zile. Njia mbili imara, zote zimewatoa majitu, na zinatofautiana karibu mara mbili. Nyota ya 7, yenye logi ya joto 3.84, ipo katikati ya safari kati ya kundi na majitu, na jibu linategemea sana unavyoamua kuitendea. Hakuna uzito utakaokuambia nyota ya 7 ni ya ukoo gani. Hilo linaamuliwa na mtu wa nyota.

Ndiyo maana neno lenyewe la data chafu linanikera. Majitu manne si makosa ya kipimo. Darubini ilifanya kazi yake. Ni nyota zilizofika hatua nyingine ya maisha, na kwa mnajimu wa kisayansi pengine ndizo zenye habari kuliko zile 43. Ni chafu kwa mstari wangu tu, kwa sababu mimi ndiye niliyeuliza swali la mstari mmoja.

Nilipomaliza kazi ile ya kliniki sikupeleka mteremko peke yake. Nilichapisha karatasi ya mistari ya faili iliyopata uzito chini ya nusu, nikaipanga kuanzia uzito mdogo kabisa, nikaandika kando ya kila mmoja kama ameangushwa na umri au na salio. Siku hizi sikubali kazi ya regresheni imara isiyo na karatasi hiyo. Nikakaa na muuguzi anayeshika rejista, dada wa makamo mwenye kalamu ya bluu, tukaipitia mstari kwa mstari.

Walioangushwa na umri walikuwa karibu wote wa aina moja. Anasoma tarehe ya kuzaliwa kwenye rejista, anahesabu kwa vidole, anasema "mitano hii," na kuiweka nukta kwa kalamu. Tulikwenda kasi. Kisha tukafika kwa mmoja aliyeangushwa na salio: miezi tisa, kilo 5.6. Umri wa kawaida, kilo zilizo chini sana ya mstari. Kompyuta ilikuwa imempa uzito karibu na sifuri, na mimi nilikuwa nimeshajiandaa kumwambia kwamba pengine ni 8.6 iliyoandikwa vibaya.

Hakufungua rejista. Aliweka kalamu chini.

"Huyu si kosa, kaka," alisema. "Huyu tunamfuata nyumbani kila wiki."